Kabla hujapokea kazi ya video ya akili unde: pima kikomo cha zana kwanza

Kila Ziwa Tanganyika linapofungwa kwa uvuvi naletewa kesi ileile. Mwenzetu wa Mwanga au Ujiji, hapa Kigoma, kapokea kazi ya tangazo la dagaa, boti zimelala mwaloni Kibirizi, vichanja vitupu, hakuna cha kupiga picha. Kamwambia mteja, "Usijali, hiyo tunatengeneza kwa AI." Malipo ya awali kapokea na kayatumia. Ndipo anagundua kwamba zana aliyoiona YouTube ikitoa dakika nzima inampa sekunde 8, picha ya mlalo, na mama anayeongea Kiswahili kama mgeni aliyeshuka melini jana.

Tangu 2024, Ziwa Tanganyika hufungwa kwa uvuvi kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti, kwa hiyo kazi hizi zitaendelea kuja. Mwongozo huu unahusu jambo moja tu, nalo ni namna ya kujua zana inaweza nini leo, kwenye akaunti yako, kabla hujataja bei wala tarehe.

## Andaa hivi kwanza

- Akaunti ileile utakayofanyia kazi, kwenye kifurushi kilekile. Ukipima kwa akaunti ya rafiki, umepima akaunti ya rafiki.
- Fedha kidogo ya majaribio, isiyotoka kwenye malipo ya mteja. Kama huna, usipokee kazi.
- Bando la kupakua klipu kumi hivi.
- Kompyuta yenye `ffmpeg`, programu ya bure. Ndani yake kuna `ffprobe`, nayo ndiyo tutakayoitumia. Mwenye simu tu anaweza kufungua taarifa za faili kwenye galari, ingawa ataona machache.
- Picha mbili tatu ulizopiga mwenyewe za mtu, mahali na bidhaa.
- Daftari. Utaandika tarehe mara nyingi.

## Kwa nini kikomo hakikai mahali pamoja

Video ya sekunde 8 kwa fremu 24 kila sekunde ni picha 192. Zana haizichori moja baada ya nyingine. Inakishughulikia kipande chote kwa pamoja, ili kanga ya mama iliyoonekana kwenye fremu ya kwanza iwe ileile kwenye fremu ya mwisho. Kwa hiyo kila sehemu ya picha inalinganishwa na sehemu za picha nyingine. Ukirefusha klipu mara mbili, kazi hiyo ya kulinganisha haipandi mara mbili, inaweza kupanda hadi mara nne.

Hapo ndipo sekunde 8 zinapotoka. Uwezo wa zana ni sababu mojawapo, lakini kubwa zaidi ni hesabu ya gharama ya mwenye zana. Mafundi wake wakipata njia ya kuibana video, au wakitoa toleo dogo la haraka, kikomo kinalegea. Watu wakimiminika kuliko mashine zilizopo, mwenye zana yuleyule anabana: pointi za bure, zile zinazokatwa kila unapozalisha klipu, zinapungua na foleni inarefuka.

Tazama yaliyotokea kwa Veo 3 ya Google. Ilitangazwa Mei 2025, ikitoa klipu za sekunde 8 zenye sauti ndani yake. Kwa wanaoitumia kupitia API, yaani mlango wa waandaaji programu, bei ilikuwa dola 0.75 kwa sekunde. Septemba ya mwaka huohuo ikashushwa hadi dola 0.40, na toleo la haraka, Veo 3 Fast, likatoka dola 0.40 hadi 0.15. Wakati huohuo ikaongezwa picha ya wima ya 9:16. Aliyepanga kazi ya Oktoba kwa daftari la Julai alimtajia mteja karibu mara mbili ya gharama, na pengine alikataa kazi ya wima iliyokuwa inawezekana.

Mambo huenda kinyume pia. OpenAI walipoionyesha Sora, Februari 2024, walionyesha video zinazofikia dakika moja. Walipowafungulia wateja Desemba mwaka huo, mwisho ulikuwa sekunde 20, na kwenye kifurushi cha bei nafuu ukawa chini ya hapo. Video ya maonyesho hutengenezwa na mwenye zana kwa mashine zake, bila foleni. Wewe unapewa sehemu anayomudu kuigawa kwa watu wengi.

Kuna sababu ya tatu, na hii ndiyo inayowaangusha wengi. Zana moja ina milango mingi: programu ya simu, tovuti, API, na kampuni nyingine zinazoiuza ndani ya tovuti zao. Kila mlango una kikomo chake. Mtu akikuambia "Veo inafanya wima," muulize ni kwa mlango upi, kifurushi kipi, nchi gani, na aliona lini.

## Hatua ya 1: Geuza kazi iwe namba

Usifungue zana bado. Andika anachotaka mteja kwa mistari inayoweza kujibiwa kwa namba, au kwa ndiyo na hapana.

Nitatumia kazi niliyoifanya kwa mama mmoja anayeuza dagaa waliofungashwa. Yeye alisema, "Nataka tangazo zuri la status, mama anapokea dagaa alfajiri, aongee, jina langu lionekane." Kwenye daftari maneno yale yakawa hivi:

- Jumla: sekunde 45.
- Shoti ndefu kuliko zote bila kukatwa: sekunde 6.
- Umbo: wima, 9:16.
- Ubora: 1080 kwa 1920.
- Mama yuleyule kwenye shoti ngapi: nne.
- Anaongea akiwa mbele ya kamera: ndiyo, sentensi moja.
- Maandishi ndani ya picha: jina kwenye mfuko.
- Matumizi: biashara.
- Siku ya kukabidhi.

Mstari wa pili ndio watu wanaousahau. Wanaona 45 upande mmoja na 8 upande mwingine, wanakata tamaa. Tangazo huungwa kwa shoti fupi. Kinachokubana ni ile shoti isiyokatika, na kwetu sekunde 6 zinaingia ndani ya 8. Lakini kama mteja angetaka mama atembee kutoka mwaloni hadi sokoni kwa sekunde 20 mfululizo, swali lingekuwa jingine kabisa.

Umefaulu ukiona: kila mstari una namba au ndiyo na hapana. Neno kama "zuri" likibaki, mrudie mteja.

## Hatua ya 2: Soma ukurasa wa mwenye zana, wenye tarehe

Nenda kwenye tovuti ya kampuni iliyotengeneza zana, utafute kurasa tatu. Ya kwanza ni ya bei, mara nyingi imeandikwa *Pricing*. Ya pili ni ya mabadiliko, *Release notes* au *Changelog*. Ya tatu ni maelezo ya toleo lenyewe au ukurasa wa msaada wa programu yake. Anza na ule wa mabadiliko, usome miezi mitatu ya karibuni, kwa sababu ndio unaokuambia kama zile kurasa nyingine zimebaki nyuma.

Angalia tarehe ya kusasishwa, kwa kawaida iko chini au juu ya ukurasa. Kama unasoma tafsiri ya Kiswahili, fungua na ya Kiingereza ulinganishe tarehe, maana tafsiri huchelewa.

Kuna maneno ya skrini ya kusoma kwa jicho kali. *Up to* maana yake "hadi", nayo ni dari, si ahadi. Zipo zana zinazoandika hadi sekunde 8 na hadi 1080p, na pengine zinatoa 1080p kwa klipu za sekunde 8 pekee, si za 4 wala 6. *Preview* ni toleo la majaribio, ambalo linaweza kubadilishwa au kuondolewa bila kukusubiri umalize kazi. *Deprecated* maana yake linaelekea kuzimwa. Usianze kazi ya wiki tatu juu yake.

Nakili jina la toleo herufi kwa herufi. `veo-3.0-generate-preview` na `veo-3.0-generate-001` yanaonekana mapacha, lakini la kwanza lilikuwa la majaribio na la pili lilikuwa toleo lililotulia.

Tahadhari: video za YouTube na makala za "zana kumi bora" zitumie kujua jina la zana tu. Kikomo usikichukue huko, hata kama makala ni ya mwezi uliopita.

Umefaulu ukiona: una skrinshoti yenye bei, urefu, umbo na tarehe ya ukurasa, na jina kamili la toleo liko daftarini.

## Hatua ya 3: Fungua akaunti yako, usibonyeze kitu

Ukurasa unasema zana inaweza nini. Menyu ya akaunti yako inasema wewe umepewa nini. Vitu vipya hufunguliwa kwa mafungu ya nchi na vifurushi. Veo 3 yenyewe ilianzia Marekani, nchi nyingine zikafuata baadaye.

Chagua toleo lako, chagua klipu ndefu kuliko zote, chagua wima, chagua ubora wa juu. Usizalishe kitu. Tazama tu kama chaguo lolote limekuwa la kijivu, na pointi ngapi zitakatwa. Badilisha chaguo mojamoja uone namba inavyopanda. Zana moja niliyoipima ilikata pointi zilezile kwa mlalo na wima, lakini nilipowasha sauti zikaruka. Kwenye ukurasa wa bei hilo sikuwa nimeliona.

Tafuta pia mambo mawili yasiyo kwenye menyu: kama kifurushi chako kinaruhusu matumizi ya biashara, na kama nembo ya zana inabaki pembeni ya picha. Vifurushi vya bure huwa vinaiacha.

Tahadhari: usifungue kipengele kwa VPN ukajifanya uko Marekani, kisha ukamwahidi mteja. Kinaweza kufungwa katikati ya kazi, na hutakuwa na pa kulalamika.

Umefaulu ukiona: unajua gharama ya klipu moja ya aina unayoitaka, kwa pointi au dola, kabla hujatumia hata senti.

## Hatua ya 4: Majaribio magumu, si mazuri

Hapa ndipo muda uende. Wengi hujaribu kwa machweo ya ziwani, wanapata picha ya kupendeza, wanaamini zana inafaa. Machweo hayana mikono, hayana maneno, hayana mtu wa kufananisha. Jaribu kile kitakachokushinda.

Jaribio la faili. Zalisha klipu moja ya urefu na umbo unaouhitaji, ipakue, kisha iulize yenyewe kwa amri hii, ukiiandika kwenye dirisha la amri la kompyuta ukiwa ndani ya folda yenye klipu:

```
ffprobe -v error -select_streams v:0 -show_entries stream=width,height,r_frame_rate,duration -of default=nw=1 jaribio.mp4
```

Utapata mistari ya aina hii:

```
width=720
height=1280
r_frame_rate=24/1
duration=8.000000
```

Hapa urefu na umbo viko sawa, lakini ubora ni 720 na sisi tuliandika 1080. Kwenye skrini ya simu usingeligundua. Kama `width` ni kubwa kuliko `height`, video ni ya mlalo, hata kama kwenye programu ilionekana imesimama. Na kama namba ziko sawa lakini juu na chini kuna mikanda myeusi, umepewa mlalo uliovishwa wima.

Jaribio la mtu yuleyule. Zalisha klipu mbili za mama mmoja ukitumia picha ileile ya kuanzia, moja akiwa mwaloni na nyingine mbele ya duka. Simamisha zote mbili, uziweke bega kwa bega. Usianze na uso, jicho letu huusamehe uso haraka. Anza na maua ya kanga, hereni, na namna kilemba kilivyofungwa. Kwangu kanga ilibadilika mara tatu. Nikambadilishia mama kitenge cha rangi moja kisicho na maua, tatizo likapungua sana. Kikomo kingine kinazungukwa kwa kubadilisha nguo tu.

Jaribio la mahali. Nililetewa bahari. Mawimbi makubwa, meli ya chuma, samaki wakubwa kama sangara. Zana imeona bahari nyingi kuliko Kibirizi. Maelezo yakawa marefu: maji yaliyotulia usiku, boti mbili za mbao zilizounganishwa kwa magogo, taa zinamulika maji, samaki wadogo wa rangi ya fedha. Boti zikakaribia ukweli. Dagaa hawakukubali: wakimiminwa kwenye beseni waliyeyuka na kushikana kama uji. Vitu vidogo vingi vinavyosogea pamoja bado ni mtihani kwa zana hizi, kwa hiyo kipime hicho hasa kama bidhaa ya mteja ni mchele, maharage au dagaa.

Jaribio la sauti. Mpe sentensi yenye sauti zetu ngumu: "Dagaa wa Kigoma, wameng'aa, hawana mchanga." Kisha msikilizishe mtu ambaye hajaisoma, akiwa hatazami skrini, aandike alichosikia. Ukisikiliza mwenyewe, sikio lako litaziba mapengo. Msikilizaji wangu aliandika "wamengaa", akauliza kama mama ni wa Kongo.

Jaribio la maandishi nalifupisha: jina la kwenye mfuko lilitoka na herufi moja ya ziada. Maandishi yaweke mwenyewe wakati wa kuhariri.

Tahadhari: fanya kila jaribio mara tatu. Mara moja ikikubali ni bahati, na bahati haiandikwi kwenye mkataba.

Umefaulu ukiona: kila mstari wa Hatua ya 1 una alama mojawapo kati ya tatu: inafanya, inafanya kwa hila fulani, au haifanyi.

## Hatua ya 5: Piga hesabu ya majaribio, si ya urefu

Anayeanza huchukua sekunde 45, anazidisha kwa bei ya sekunde, anapata dola 6.75 kwa bei ya Septemba 2025 ya Veo 3 Fast, anafurahi. Hesabu hiyo inadhani kila klipu itakubali mara ya kwanza na hakuna sekunde itakayokatwa.

Baada ya majaribio, dagaa wa karibu tukaamua kuwapiga kwa simu, moja kwa moja kutoka kwenye gunia la akiba la mama. Hata zana ingeweza, nisingekubali: mnunuzi anaonyeshwa bidhaa, basi aonyeshwe bidhaa yenyewe. Shoti hizo zikawa sekunde 15. Zilizobaki kwa zana ni 30.

Klipu ya sekunde 8 kwangu hutoa kama 5 nzuri, maana mwanzoni vitu havijatulia na mwishoni huanza kupinda. Kwa hiyo klipu 6. Kwenye majaribio nilihitaji kuzalisha mara nne kupata moja inayofaa, hivyo 24. Mara sekunde 8 ni sekunde 192. Kwa dola 0.15 ni dola 28.80. Kwa toleo kubwa la dola 0.40 ni dola 76.80. Na kwa ile bei ya mwanzo ya dola 0.75 ingekuwa dola 144. Tangazo lilelile, mwaka uleule.

Bei hizo usizinakili. Weka za skrinshoti yako, zidisha kwa kiwango cha dola cha siku hiyo, ongeza makato ya kadi.

Umefaulu ukiona: namba ya "mara ngapi mpaka ikubali" imetoka kwenye Hatua ya 4 na si kichwani.

## Hatua ya 6: Funga makubaliano, kisha pima tena asubuhi ya kazi

Kwenye makubaliano na mteja taja kitu, usitaje zana: sekunde 45, wima, mabadiliko mawili. Ongeza mstari mmoja kwamba bei inasimama kwa siku 14, baada ya hapo inapimwa upya. Kwa uzoefu wangu siku 14 zinatosha. Mwezi ni mrefu mno kwa zana hizi.

Asubuhi ya kuanza, rudia Hatua ya 3 na lile jaribio la faili. Ni dakika kumi. Halafu pakua kila klipu papo hapo. Kwa wanaotumia Veo kupitia API, video hukaa kwenye seva siku 2 tu kisha hufutwa, na mtandao wetu ukikatika Ijumaa jioni, siku 2 zimekwisha.

Kwa kazi ya mama wa dagaa, asubuhi ile menyu ilikuwa imehama na klipu moja ilikata pointi nyingi kuliko wiki iliyotangulia. Nikapunguza shoti moja ya usiku, nikairefusha ile ya gunia. Sauti alisoma binti yake, chumbani, dirisha limefungwa na blanketi limetundikwa mlangoni. "Wameng'aa" ilitoka sawasawa mara ya kwanza.